Bei ya Jumamosi ya Mwisho

Alikuwa na jina lake zuri, alilopewa na baba yake, lakini mtaa ulikuwa umeshalizika. Walimwita Mama Punguzo. Hata watoto wakipita na mabegi ya shule walimwamkia hivyo, "Shikamoo, Mama Punguzo," naye akaitikia marahaba, maana mtoto utamfanya nini? Mwanzoni jina lilimchekesha. Mwezi huu ninaousimulia lilikuwa linamkata maini.

Duka lake lilikuwa la viatu, chumba kimoja kirefu chenye rafu pande mbili na benchi la kujaribia katikati. Mwisho wa chumba palikuwa na pazia, na nyuma ya pazia ndipo alipokaa mumewe, ambaye kila mtu alimwita Fundi, mkewe akiwemo. Fundi alishona, mke akauza. Vilikuwa viatu vya ngozi vya watu wanaofanya kazi wima: walimu, wahudumu wa hoteli, makarani, wauguzi. Kiatu cha Fundi ulikivaa miaka mitatu, ukakibadilisha soli, ukaendelea na safari. Mtu hakuwa na la kusema juu ya kiatu chenyewe.

Shida ilikuwa bei, na bei ilikuwa kazi ya mke.

Katikati ya mwezi huo waliingia wanawake wawili, wakakaa kwenye benchi, wakajaribu jozi sita. Mmoja alipata kiatu kilichomkaa barabara. Alisimama, akatembea mpaka mlangoni na kurudi, akajitazama kwenye kioo, akafurahi waziwazi. Kisha akakivua, akakirudisha kwenye boksi kwa upole, akamwambia mwenye duka kwa uso mkunjufu kabisa kwamba ni kizuri mno na atakifuata Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Hakuona aibu. Aliagana kwa heshima, akatoka na mwenzake wakizungumza habari za nyanya.

Mama Punguzo alibaki ameshika boksi. Siku ile walikuwa wameshaingia watu wengi wa namna hiyo, na droo ya pesa ilikuwa nyeupe. Nyuma ya pazia nyundo ilikuwa kimya. Fundi hakuwa na cha kugonga: rafu zilijaa viatu vilivyokamilika, na pesa ya ngozi mpya haipatikani mpaka vya zamani vitoke. Ukimya huo ulimsumbua kuliko kelele yoyote, kwa sababu alijua Fundi anapokaa kimya anawaza nini.

Wiki iliyotangulia alikuja mtu kutoka kiwanda cha mabuti, mji mwingine kabisa, safari ya kutwa nzima kwa basi. Walitaka mafundi wa kusimamia mashine za kushonea. Mshahara wa kila mwezi, chumba cha bure, likizo mara mbili kwa mwaka. Mtu yule aliacha namba yake na kusema anataka jibu Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao. Fundi hakukubali wala hakukataa. Alisema tu ataona mwezi utakavyokwisha. Na mkewe, ambaye kwa miaka yote hiyo hakuwahi kulala bila kusikia mtu huyo akikoroma pembeni yake, alielewa vizuri sana: mwezi ukiisha vibaya, ataachiwa duka, ataachiwa kitanda, na mume atakuwa sauti ya simu.

Sasa mtu atauliza, ilikuwaje duka la kiatu kizuri likafika hapo? Ngoja nikueleze, maana hapa ndipo watu wengi wenye akili zao huteleza.

Mwaka uliopita, Mama Punguzo alikuwa na viatu vilivyokufa. Kila duka linavyo. Vilikuwepo vya ncha kali ambavyo watu walivipenda msimu mmoja kisha wakavicheka. Vilikuwepo vya namba zisizo na wenyewe, vidogo mno na vikubwa mno. Vilikuwepo vilivyokaa dirishani mpaka jua likavibabua upande mmoja. Hivyo hata ungeviimbia visingetoka kwa bei yake, na kila siku vilikalia nafasi na pesa ya ngozi. Akachukua kipande cha bitana nyekundu, kile kitambaa cha ndani ya kiatu, kilichobaki karakanani, akakitundika juu ya mlango, akaandika kwenye kadibodi kwamba viatu vya zamani vinauzwa kwa bei ya kutupa. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Vilikwisha kabla ya jioni. Hakupata faida kubwa, lakini alipata pesa iliyokuwa imelala, akanunua ngozi, na rafu zikapumua. Zaidi ya hayo, waliingia watu ambao hawakuwahi kukanyaga duka lile, na baadhi yao walirudi baadaye wakanunua viatu vizuri kwa bei yake. Ile ilikuwa dawa, na ilitibu.

Kosa lilikuwa kunywa dawa baada ya kupona. Mwezi uliofuata hakuwa na kiatu hata kimoja kilichokufa, lakini aliikumbuka ile raha ya duka kujaa. Akatundika kitambaa tena, safari hii kwa viatu vipya, vizuri, ambavyo vingeuzika vyenyewe. Watu wakaja, wakanunua, akacheza. Wiki tatu baadaye duka likapoa, akaingiwa na hofu, na dawa ya hofu akaijua: kitambaa. Hakuona kwamba wale waliojaa Jumamosi walikuwa walewale ambao wangekuja mmoja mmoja Jumanne na Alhamisi. Hakuongeza wateja, jamani. Aliwakusanya tu siku moja akawauzia rahisi.

Na hesabu yenyewe ilikuwa hivi. Tuseme kiatu kinauzwa mia. Sabini zinakwenda kwenye ngozi, soli, bitana, gundi na uzi. Thelathini zinabaki, na hizo ndizo kodi ya chumba, ndizo chakula, ndizo kila kitu. Yeye alikuwa akipunguza ishirini. Ukisikia ishirini katika mia unaona ni kidogo, mtu hatakufa. Lakini ile ishirini haikutoka kwenye mia, ilitoka kwenye thelathini. Zilibaki kumi. Ili apate alichokuwa akikipata kwa jozi moja, sasa ilibidi auze jozi tatu, na jozi hizo tatu zilitoka kwenye mikono miwili ileile ya Fundi.

Alijaribu kutafuta njia. Mara moja alimwomba Fundi atumie ngozi nyembamba. Fundi alitumia, viatu vikapasuka pale vidole vinapokunjika, na mteja alipovirudisha Fundi alijificha nyuma ya pazia kwa aibu. Alisema hatarudia, hata akifa njaa. Mara nyingine mke alipandisha bei kwanza, ndipo akaipunguza, ili mwisho wa siku alipwe ileile. Mwalimu mmoja aliyekaa kwenye benchi akauliza mbele ya watu kwa nini bei iliyopunguzwa leo ni sawa na bei ya kawaida ya mwezi juzi. Watu walicheka. Mama Punguzo akasema ngozi imepanda, na masikio yakamwaka moto mpaka jioni.

Basi turudi kwenye ule mwezi. Siku moja mchana, duka likiwa tupu, aliamua kupanga rafu ili mikono isikae bure. Akafungua boksi la ndara za watoto, akakuta ndani yake jozi ya viatu vya kike vyeusi, namba thelathini na nane. Akadhani ni bahati mbaya. Akafungua boksi lingine la ndara, akakuta vya kahawia. Nyuma ya mabuti ya mvua, ambayo hakuna aliyeyagusa tangu kiangazi kianze, palikuwa na jozi nne zimelala kama vifaranga. Moja ilikuwa ile ambayo yule mwanamke wa nyanya alijitazamia kwenye kioo.

Aliyekuwa akikaa naye dukani ni dada wa mumewe, Wifi, mwanamke mnene, mcheshi, mwenye marafiki kila kichochoro. Wifi alipoulizwa hakukana hata nusu. Alisema ndiyo, yeye ndiye anayewafichia watu wake, tena anawafichia kwa uangalifu, kila mtu na mahali pake, ili siku ikifika wasigombane. Wengine huficha wenyewe wakati yeye amegeuka, lakini hao hawana ustadi.

"Wifi, unaniua kwenye duka langu mwenyewe," Mama Punguzo alisema.

"Nakuua kwa lipi? Nisipowafichia si wataenda kwingine?" Wifi alishangaa kwa dhati. "Bei yako inajulikana, wifi yangu. Ni ile ya Jumamosi ya mwisho. Hii nyingine unayoibandika ni ya wageni na wajinga."

Lile neno lilimwingia. Alikaa kwenye benchi la wateja, akatazama vile vibandiko vya bei alivyoviandika kwa mkono wake, akaona kwamba ni kweli, hakuna aliyeviamini. Mtaa mzima ulikuwa umejifunza kwamba subira yavuta heri, na mwalimu wao alikuwa yeye.

Pigo la pili lilikuja siku hiyohiyo, kana kwamba la kwanza halikutosha. Aliingia Nesi. Huyu alikuwa muuguzi wa hospitali ya karibu na mteja wa zamani kuliko kitambaa chenyewe. Alikuwa akinunua viatu vya Fundi tangu rafu zikiwa upande mmoja tu. Alikaa, akavua kiatu cha kulia, na soli ilikuwa imeachama mbele. Ndani alikuwa ameweka kipande cha kadibodi. Alijaribu vyeusi, vikamkaa, akafumba macho kidogo kwa ile raha ya mguu unaopata mahali pake. Halafu akavivua.

Mama Punguzo akamwambia avichukue leo, miguu isije ikaumia. Nesi alitikisa kichwa. Pesa alikuwa nayo, alisema, imo kwenye pochi, si shida ya pesa.

"Kuna mwezi nilinunua Alhamisi," alisema. "Jumamosi nikapita, nikawaona watu wanatoka na viatu vilevile kwa bei ya chini. Sikuikasirikia ile pesa, mama. Nilijiona mjinga. Sitaki kujiona hivyo tena."

Akavaa kiatu chake kilichoachama, akaondoka akikanyaga kwa uangalifu. Mteja aliyekuwa mwaminifu kuliko wote ndiye aliyekuwa amelipishwa zaidi ya wote, na sasa alikuwa tayari kuumwa miguu siku kadhaa kuliko kununua kabla ya siku.

Jioni, walipokuwa wakila, alimwambia Fundi kwamba mwezi huu hatatundika kitambaa. Atashusha bei kidogo mara moja, iwe bei ya kweli, kisha hiyo isitikisike, si Jumatatu wala Jumamosi. Kando ya mlango ataweka kapu la vile vilivyokufa kweli, vilivyobabuka na vya namba zisizo na wenyewe, viuzwe rahisi mpaka viishe, na vikiisha kapu liondoke. Fundi alitafuna pole pole. Aliuliza watu wakikataa itakuwaje. Mkewe akasema hajui. Fundi akamkumbusha kwamba Jumatatu anatakiwa kutoa jibu, akasema kwa sauti ya chini kwamba kama hakuna pesa ya ngozi hatakuwa na la kusema isipokuwa ndiyo. Hakusema kwa hasira. Ingekuwa afadhali angesema kwa hasira.

Usingizi ulimpaa. Alijua anachofanya ni sahihi na alijua kinaweza kumwondolea mume, na yote mawili yalikuwa kweli kwa pamoja. Akitundika, Jumamosi italeta pesa, ngozi itanunuliwa, Fundi atabaki. Kisha mwezi ujao watakuwa palepale, wembamba zaidi, na mtu wa kiwanda atarudi. Asipotundika, hajui. Binadamu huogopa asichokijua hata kama anachokijua kinamla. Maji alikuwa ameshayavulia nguo, lakini yalikuwa baridi.

Jumamosi ya mwisho ikafika. Watu walianza kukusanyika ng'ambo ya barabara, kwa kinyozi, kwenye benchi refu la wanaosubiri kunyolewa. Hakuna aliyekuja kunyolewa. Walikuwa wakitazama juu ya mlango wa duka la viatu. Wengine walipita taratibu, wakainua macho, wakaendelea, wakarudi. Mama Punguzo alikuwa ndani, amebandika bei mpya, kila kiatu kimoja kimoja, na alikuwa akipangusa kaunta iliyokwisha kung'aa. Wachache waliingia, wakauliza kitambaa kinatoka saa ngapi. Akawaeleza kwamba kitambaa hakipo, bei ni hii, imeshashushwa na itakaa hivyohivyo. Walimsikiliza kwa upole, kama mtu anavyomsikiliza mgonjwa, wakarudi kwa kinyozi kusubiri. Vya kapu vilitoka, jozi chache. Kwenye rafu haikutoka hata moja.

Wifi alinuna tangu asubuhi. Alisema marafiki zake wanamtumia ujumbe na hana cha kuwajibu, na kwamba wengine wametoka mbali. Kufika mchana hata yeye aliacha kunung'unika, akaanza kumwangalia wifi yake kwa wasiwasi, kwa sababu mikono ya Mama Punguzo ilikuwa inatetemeka. Ilitetemeka vibaya hata akaangusha boksi. Fundi alichungulia kutoka nyuma ya pazia, akaiona mikono ile, akarudisha pazia.

Mama Punguzo akaona bora atoke akapunge hewa. Akapita mlango wa nyuma, akaenda bombani, akajimwagia maji usoni, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alijiambia kwamba jioni itakuja, kila jioni huja, na baada ya hapo ni Jumapili. Alikaa kitambo. Alipoinuka kurudi akasikia kelele.

Duka lilikuwa limejaa. Watu walikuwa wamebanana kwenye benchi, wengine wamechutama sakafuni, maboksi yanapitishwa juu ya vichwa, Wifi anatoa vile vilivyofichwa huku jasho likimtoka, amechangamka. Mama Punguzo hakuelewa. Akasukuma watu mpaka mlangoni, akatazama juu, akaiona bitana nyekundu. Chini yake, juu ya kigoda, alikuwa amesimama Fundi na nyundo mkononi.

Fundi huyohuyo aliyekichukia kitambaa kile tangu kilipotundikwa mara ya pili. Alishuka, akamsogelea mkewe, akamnong'oneza sikioni.

"Nimekuonea huruma," alisema. "Siwezi kukuona ukitetemeka hivyo."

Ukiniuliza mimi, katika mambo yote yaliyotokea mwezi ule, hili ndilo lililokuwa gumu zaidi. Ungekuwa uovu angejua la kufanya nao, lakini ulikuwa upendo, na upendo huo ulikuwa umejaza duka. Pesa ya ngozi ilikuwa pale, mikononi mwa watu. Ingetosha kusimama kaunta na kupokea. Alimtazama Fundi, akaitazama mikono yake, vidole vilivyokuwa vyeusi kwa gundi na vyenye alama za sindano, akawaza jozi tatu kwa moja, mwezi huu, na ujao, na unaofuata. Akapanda kigoda.

Alikivuta kitambaa kwa nguvu mpaka msumari ukatoka nacho. Watu walinyamaza, kuanzia mlangoni kwenda ndani.

"Leo hakuna punguzo," alisema, na sauti yake haikuwa nzuri. "Kilitundikwa kwa makosa. Bei ni ile iliyobandikwa. Ndiyo ya leo, ndiyo ya Jumatatu, ndiyo ya mwisho wa mwezi ujao. Naomba mnisamehe."

Hawakumsamehe. Mwanamke wa nyanya aliweka viatu sakafuni, akasema yeye si mtoto wa kuchezewa. Mwingine alisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hiki leo kimetembezwa kisha kimefungiwa ndani, hajawahi kuona. Kijana mmoja alipiga mluzi. Walitoka wakigongana mabega, wakiacha maboksi wazi kila mahali na karatasi za kufungia zikikanyagwa. Wifi alikaa kwenye benchi akajifunika uso kwa mikono.

Mtu wa mwisho kubaki alikuwa Nesi, ameshika vile vyeusi.

"Na mwezi ujao, bei hii hii?" aliuliza.

"Hii hii."

"Nitaona," Nesi alisema. Akavirudisha mahali pake na kutoka na kadibodi yake ndani ya kiatu.

Jumatatu Fundi alipiga simu kiwandani. Haikuwa adhabu, na wala hakumlaumu mkewe hata kwa jicho. Alisema kitu cha akili tu: watu waliochukua mwaka mzima kujifunza kungoja hawataacha kwa siku moja, na wakati wanaendelea kungoja lazima mtu alete pesa nyumbani. Alisema duka lisipokuwa na mikopo wala hofu ya kodi litaweza kushika bei. Angeanza na miezi mitatu ya majaribio, kisha asaini mkataba wa kudumu. Alikunja nguo zake, akafunga nyundo na sindano kwenye kipande cha ngozi, akaenda. Mama Punguzo alisimama kituoni mpaka basi likapotea, kisha akaenda kufungua duka, akalia akiwa anabandika upya kibandiko cha bei kilichoanguka.

Zilikuwa wiki mbaya. Mwisho wa mwezi uliofuata watu walikuja tena kwa kinyozi, wachache kidogo, wakatazama juu ya mlango, hawakuona kitu, wakaondoka. Jozi mbili ziliuzwa wiki ile, na wiki iliyofuata jozi tatu, katika siku zisizo na jina lolote. Kapu liliisha, akaliondoa, na watu walioliulizia aliwaambia litarudi pale viatu vitakapokufa tena, si kabla. Wifi aliacha kuficha, kwanza kwa kununa, baadaye kwa sababu hakuna aliyemwomba. Kila jioni Fundi alipiga simu na kuuliza kama amekula. Hakuuliza habari za duka.

Mwezi wa pili, Jumatano moja ya mvua, Nesi aliingia. Hakukaa kwanza. Alikwenda moja kwa moja kwenye rafu, akatazama kibandiko, akakisoma kwa muda kana kwamba ni cheti. Akachukua vyeusi, akavijaribu, akafungua pochi akalipa bei iliyoandikwa. Alisema amepita kila wiki tangu siku ile, akiangalia dirishani, na bei haikuwahi kucheza. Kisha akasema wenzake wa wodini ni wanne wanataka kama hivi, namba zao hizi hapa, na wako tayari kulipa bei hii.

Mama Punguzo alitazama rafu. Namba zile hazikuwepo. Nyuma ya pazia palikuwa na vumbi na harufu ya gundi iliyokauka. Alimwambia Nesi ukweli, kwamba Fundi hayupo, ameenda kiwandani, na hajui atarudi lini au kama atarudi.

"Tutamngoja," Nesi alisema. "Kungoja si mmetufundisha wenyewe?"

Alicheka kidogo, akaondoka na viatu vipya miguuni, vile vya zamani kwenye mfuko.

Jioni Fundi alipopiga simu na kuuliza kama amekula, mkewe hakujibu hilo. Alimwambia kuna jozi nne zinatakiwa. Fundi aliuliza kwa bei gani. Ya kibandiko, alisema. Fundi akauliza kama waliomba wapunguziwe. Mkewe akasema hapana, hawakuomba. Akasikia mashine za kiwanda zikinguruma nyuma ya Fundi.

"Kanunue ngozi," Fundi alisema. "Ile nene. Majaribio yakiisha nakuja. Sisaini."

Mama Punguzo aliweka simu juu ya kaunta, akakaa sakafuni katikati ya maboksi, akalia kwa sauti kubwa kama mtoto. Wifi alitoka mbio nyuma ya pazia akiwa na ufagio mkononi, akamuuliza nani amekufa.